Shilingi 850 zilizoficha mengi: kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki

Wiki ya kwanza ya Aprili, kijana anayeandika mahesabu ya duka la shangazi yake hapa Amu alikuja kwangu na daftari kwapani na taarifa ya benki mkononi. Duka ni la vifaa vya ujenzi: saruji inayovushwa kutoka Mokowe, chokaa, misumari, rangi, na boriti za mikoko. Alikuwa amekesha akilinganisha vitabu viwili na alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Mwalimu, nimepata," akasema. Daftari la fedha lilionyesha kwamba mwisho wa Machi duka lilikuwa na shilingi 188,750 benki. Benki yenyewe ilisema 303,600. Tofauti ni 114,850. Alikuwa ameandika hundi mbili mwisho wa mwezi, moja ya 18,000 na moja ya 96,000, na hakuna iliyofika benki. Jumla yake 114,000. "Zinabaki 850 tu. Hizo si ndizo ada za benki?"

Nilimwomba aketi. Ada za benki hupunguza fedha zilizoko benki. Kama tatizo lingekuwa ni ada ambazo yeye hajaziandika, benki ingeonyesha pungufu kuliko daftari. Hizi 850 zilikuwa upande wa pili: benki ilikuwa na zaidi. Jibu lake lilikuwa na ukubwa unaoaminika lakini lilielekea kusiko. Na tulipofungua taarifa mstari kwa mstari, ndani ya zile 850 tulikuta mambo sita, mengine ya makumi ya maelfu, yaliyokuwa yakivutana huku na huku mpaka yakaonekana kama kitu kidogo.

Makala hii inaufuata mwezi ule mmoja wa duka lile, kwa sababu karibu kila kinachoweza kutenganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kilikuwamo.

Vitabu viwili vya fedha zile zile

Daftari la fedha huandikwa na mwenye biashara. Fedha zikiingia anaandika upande wa kushoto, upande wa debiti. Zikitoka anaandika kulia, upande wa krediti. Taarifa ya benki ni nakala ya ukurasa wako ndani ya vitabu vya benki, na huandikwa na benki kwa macho ya benki. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapotea, kwa sababu wakishika taarifa wanakuta fedha walizoweka zimeandikwa CR na fedha walizotoa zimeandikwa DR, kinyume kabisa na daftari lao.

Sisi husema tumeweka amana benki, na neno amana humfanya mtu afikirie sanduku la bibi lililofungwa kwa jirani, vitu vyako vikikusubiri vile vile ulivyoviacha. Kihasibu si hivyo. Ukiweka shilingi 10,000 benki, benki inakuwa imekukopa 10,000. Kwako wewe ni mali, nawe unaidebiti. Kwa benki ni deni inalodaiwa na wewe, nayo inalikrediti. Ukitoa fedha, deni la benki kwako limepungua, ndiyo maana inadebiti. Kwa hiyo unapolinganisha, mapokezi ya daftari yako hulinganishwa na safu ya CR ya taarifa, na malipo yako hulinganishwa na safu ya DR. Kijana alikuwa amelijua hili, na lilimwokolea muda mwingi.

Kama waandishi wote wawili wangekuwa wanajua kila jambo kwa wakati mmoja, na hakuna anayekosea, masalio yangelingana kila siku. Hayalingani kwa sababu tatu tu. Ya kwanza ni wakati: umeandika jambo leo nayo benki italiona baada ya siku kadhaa. Ya pili ni habari: benki imefanya jambo ambalo wewe hukuarifiwa mpaka ulipopata taarifa. Ya tatu ni makosa, yako au ya benki. Kila tofauti utakayoikuta maishani inaingia katika mojawapo ya hizo, na aina yake ndiyo inayokuambia itarekebishwa wapi.

Kutia alama, kuanzia mwezi uliopita

Nilimuuliza kijana: "Usuluhishi wa Februari uko wapi?" Akaniambia uko dukani, hakuuleta, kwa sababu alidhani Februari imekwisha. Akarudi kuuchukua.

Kosa hili ni la kawaida sana. Taarifa ya benki ya Machi ina mambo ya Machi pamoja na mikia ya miezi ya nyuma. Hundi uliyoandika Februari 26 iko kwenye daftari la Februari, lakini kama aliyepewa alichelewa kuipeleka, itaonekana kwenye taarifa ya Machi. Ukiitafuta kwenye daftari la Machi hutaiona, na utadhani benki imekukata fedha bila sababu. Usuluhishi wa mwezi uliopita ndio unaokuambia ni mikia gani uitarajie.

Ule wa Februari ulikuwa na hundi mbili ambazo hazijawasilishwa: namba 209 ya 22,000, na namba 188 ya 7,500 aliyopewa fundi mmoja tangu Septemba 12. Tulianza na hizo. Hundi 209 tuliikuta imelipwa Machi 5, tukatia alama ya penseli kwenye karatasi zote mbili. Hundi 188 haikuwamo. Kijana alikuwa amezitazama hundi za Machi peke yake, kwa hiyo hii ya fundi ilikuwa imemtoka.

Baada ya hapo tukaingia Machi yenyewe. Yeye alisoma daftari, mimi nikishika taarifa. Kila kitu kilichokuwa pande zote mbili kwa kiasi kile kile kilipata alama. Tarehe zinaweza kupishana siku mbili tatu, hilo halidhuru. Kiasi na namba ya hundi ndivyo vinavyolazimika kukubaliana. Kazi hii haina njia ya mkato. Kazi ya mtu inapimwa kwa yale yanayobaki bila alama, na ukitia alama kwa haraka, ukasema "hii nadhani ndiyo ile", umekwisha kuharibu.

Tulipofika hundi namba 211, iliyolipwa muuza boriti, kijana akasoma "elfu arubaini na tisa, mia tano". Taarifa ilisema 45,900. Tukafungua kitabu cha hundi na kutazama kile kipande kinachobaki kitabuni baada ya hundi kukatwa: 45,900, kwa mwandiko wake mwenyewe. Benki ilikuwa sawa. Yeye alipokuwa akinakili kwenye daftari, tarakimu 5 na 9 zilibadilishana nafasi. Hakuitia alama. Tukaiweka kando na tofauti yake, 3,600.

Mwisho wa zoezi, kwenye daftari yalibaki bila alama mambo matatu: hundi 214 ya nahodha wa jahazi, 18,000, ya Machi 27, hundi 217 ya muuza saruji wa Mombasa, 96,000, ya Machi 30, na mauzo ya fedha taslimu ya 42,600 yaliyoandikwa jioni ya Machi 31. Kwenye taarifa ya benki nayo yakabaki haya: fedha 65,000 zilizoingia Machi 22 kutoka nyumba moja ya wageni ya Shela, hundi ya mkandarasi ya 30,000 iliyorudi Machi 19, na ada, 1,200 kwa ajili ya hundi hiyo iliyorudi pamoja na 1,450 za mwezi, jumla 2,650. Ukiongeza hundi 188 ya fundi na kosa la 3,600, umepata picha yote.

Hundi ya mkandarasi inahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana inadanganya jicho. Kwenye taarifa ilionekana mara mbili. Machi 15 benki iliandika CR 30,000, ikimaanisha imepokea hundi mliyoipeleka. Siku nne baadaye ikaandika DR 30,000, kwa sababu benki ya mkandarasi ilikataa kuilipa. Akaunti yake haikuwa na fedha za kutosha. Ule mstari wa kwanza unakubaliana na daftari, na mtu akiutia alama huona ameshamaliza na ile hundi. Mstari wa pili ndio wenye habari. Kijana alikuwa amemfutia mkandarasi deni lake, na shangazi alikuwa ameshampa mifuko mingine ya saruji kwa kuamini kwamba amelipa.

Rekebisha daftari kwanza

Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo, ingawa vitabu vingine vya shule huonyesha namna ya kutoka salio moja hadi jingine moja kwa moja, kwa kujumlisha na kutoa kila kitu katika karatasi moja. Karatasi ya namna hiyo inaweza kutoa jibu sahihi na bado kuliacha daftari na makosa yake. Njia iliyo salama ni kugawa kazi mara mbili. Yale ambayo benki inayajua na sisi hatukuyajua, pamoja na makosa yetu wenyewe, tunayaandika kwenye daftari letu mara moja. Yale ambayo sisi tunayajua na benki bado haijayaona, tunayaacha yaingie kwenye taarifa ya usuluhishi. Hakuna kitu kinachokwenda pande zote mbili.

Kwa hiyo tulifungua daftari la Machi tena na kuendelea kuanzia salio lile la zamani:

Salio kabla ya marekebisho: 188,750
Ongeza fedha kutoka nyumba ya wageni: 65,000
Ongeza hundi 188 iliyopitwa na muda: 7,500
Ongeza kosa la hundi 211: 3,600
Toa hundi ya mkandarasi iliyorudi: 30,000
Toa ada za benki: 2,650
Salio lililorekebishwa: 232,200

Kila mstari hapo una mwenzake upande mwingine wa vitabu, na asiyeuandika mwenzake atakuwa amesuluhisha benki na kuvuruga leja, kile kitabu chenye akaunti ya kila mtu na ya kila gharama. Zile 65,000 zinakrediti akaunti ya nyumba ya wageni, ambao sasa hawadaiwi tena. Hundi iliyorudi inadebiti akaunti ya mkandarasi: deni lake limefufuka. Ada zinadebiti gharama za benki. Kosa la 3,600 nalo halikuwa kwenye daftari la fedha peke yake, kwa sababu kiasi kile kile cha 49,500 kilikuwa kimehamishwa kwenda akaunti ya muuza boriti, ikaonekana kana kwamba amelipwa zaidi ya haki yake. Kwa hiyo na kwake ikasahihishwa.

Hundi ya fundi ndiyo iliyoleta mjadala. Hapa Kenya, kama kwingi duniani, benki huwa hailipi hundi iliyopita miezi sita tangu tarehe yake, na hii ya Septemba 12 ilikuwa imevuka Machi 12. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika na kuketi nasi, akauliza: "Mwanangu, basi hizo 7,500 zimekuwa zetu?"

Hapana. Hundi ndiyo iliyokufa. Deni liko hai. Fundi alifanya kazi na hakupata fedha yake. Zile 7,500 zinarudishwa kwenye daftari la fedha kwa debiti, na krediti inakwenda kwenye akaunti ya fundi kama mtu anayetudai. Anayeziandika kama mapato amejiongezea faida ambayo haipo. Kabla ya kumwandikia hundi mpya, ni vyema kuipelekea benki maagizo ya kuizuia ile ya zamani na kumwomba fundi airudishe, kwa sababu karani akipitiwa akailipa ile ya kwanza, duka litakuwa limelipa mara mbili.

Taarifa yenyewe

Baada ya daftari kusafishwa, taarifa ya usuluhishi inakuwa fupi mno, na huo ufupi ni dalili nzuri:

Taarifa ya usuluhishi wa benki, Machi 31
Salio kwa mujibu wa taarifa ya benki: 303,600
Ongeza amana iliyo njiani, mauzo ya Machi 31: 42,600
Jumla ndogo: 346,200
Toa hundi 214, nahodha: 18,000
Toa hundi 217, muuza saruji: 96,000
Salio kwa mujibu wa daftari la fedha: 232,200

Amana iliyo njiani inaongezwa kwa sababu benki ingekuwa nayo kama ingekuwa imeiona. Hundi ambazo hazijawasilishwa zinatolewa kwa sababu benki bado inazishika fedha ambazo sisi tumekwisha kuzigawa. Mtu akipotelewa na ishara ya kujumlisha au kutoa, ajiulize swali moja tu: siku benki itakapolijua jambo hili, salio lake litapanda au litashuka? Jibu ndilo ishara.

Kila mstari uliobaki unatakiwa uwe na maelezo mtu anayoweza kuyashika. Nahodha ni mtu wa Kizingitini. Hundi ikitiwa mfukoni pwani ya Amu, haifiki benki mpaka jahazi lirudi tena mjini. Hundi ya saruji ilikwenda Mombasa kwa basi kupitia Mokowe. Na mauzo ya Machi 31 yalikusanywa jioni, benki ikiwa imeshafunga, yakapelekwa asubuhi ya pili yake.

Sasa turudi kwenye zile 850. Marekebisho ya daftari yanaongeza kwa jumla 43,450. Amana iliyo njiani ni 42,600. Toa moja kwa nyingine, zinabaki 850. Hakuna chochote katika duka lile kilichowahi kugharimu au kuingiza shilingi 850. Ilikuwa ni sadfa ya kutoa na kujumlisha. Kama kijana angeandika "ada za benki 850" na kufunga daftari, nyumba ya wageni wangeendelea kudaiwa 65,000 walizokwisha kulipa, mkandarasi angeendelea kuchukua saruji kwa mkopo, fundi angesahauliwa, na muuza boriti angeonekana amezidishiwa. Ukubwa wa tofauti inayobaki haukuambii lolote kuhusu ukubwa wa kilichojificha ndani yake.

Mstari ninaoutilia shaka kuliko yote

Watu wengi wakiona hundi ambazo hazijawasilishwa wanashtuka, na wakiona amana iliyo njiani wanatulia, maana ni fedha zinazokuja. Mimi ni kinyume. Hundi iko mikononi mwa mtu wa nje; ikichelewa, aliyechelewa ni yeye. Fedha taslimu zilizo njiani ziko mikononi mwa mtu wa ndani. Kutoka duka lolote la Amu hadi benki ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Amana inayokaa njiani kwa siku nane inatembea wapi?

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kutazama vitabu vya biashara moja hapa pwani ambayo usuluhishi wake ulikuwa ukilingana kila mwezi bila hata senti kupotea. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na amana iliyo njiani. Mwezi wa kwanza ilikuwa ndogo, na benki iliipokea baada ya siku mbili. Mwezi wa pili ikawa kubwa kidogo, ikapokewa baada ya siku nne. Ilipofika mwezi wa tano ilikuwa kubwa kuliko mauzo ya wiki nzima. Keshia alikuwa akichukua mauzo ya leo kwa matumizi yake na kuyaziba kwa mauzo ya kesho na keshokutwa. Daftari lilikuwa sahihi na taarifa ya benki ilikuwa sahihi, na shimo lilikuwa limefichwa ndani ya mstari wa amana iliyo njiani, ambao hakuna aliyeufuata hadi mwezi uliofuata kuona ulifika siku gani na kwa kiasi gani.

Kulitambua si kazi kubwa. Chukua slipu ya benki yenye muhuri, tazama tarehe ya muhuri badala ya tarehe aliyoiandika mpelekaji, kisha uitafute amana hiyo kwenye taarifa ya mwezi unaofuata. Inatakiwa ifike siku moja au mbili za kazi, na ifike kwa kiasi kile kile. Ikifika imevunjwa vipande, au imechanganywa na nyingine, ulizia. Nasi tulifanya hivyo kwa zile 42,600: slipu ilikuwa na muhuri wa Aprili 1.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayepokea na kupeleka fedha benki hafai kuwa ndiye anayesuluhisha. Kwenye duka la watu wawili huwezi kuajiri mtu wa tatu kwa ajili ya hilo. Nilichomshauri shangazi ni kwamba taarifa ya benki ipitie kwake kwanza, aichukue mwenyewe benki, na aisome kabla ya kumkabidhi kijana. Nilisema mbele ya kijana mwenyewe, na hakuona vibaya. Kinamlinda yeye vile vile.

Tofauti inapokataa kuondoka

Mwezi wa kijana ulifunguka wote kwa kutia alama. Mara nyingine unamaliza kila kitu na bado kuna kiasi kimebaki. Kabla ya kuanza upya, zipo dalili mbili za kujaribu. Kama kiasi kilichobaki kinagawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu zimebadilishana mahali. Zile 3,600 ukizigawa kwa 9 unapata 400 kamili, na kila kosa la tarakimu mbili zinazofuatana kugeuzana huwa hivyo. Lakini kiasi kinaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, kwa hiyo chukulia kuwa ni mahali pa kuanza kutafuta. Dalili ya pili ni kugawa kwa 2. Ukiandika pokezi la 5,000 upande wa malipo, daftari linapungukiwa na 10,000, si 5,000, kwa sababu umekosa kuongeza na juu yake umetoa. Tafuta basi kiasi ambacho ni nusu ya tofauti.

Benki nayo hukosea, ingawa mara chache. Hundi ya mteja mwingine inaweza kukatwa kwako. Kosa la namna hiyo usiliingize kwenye daftari lako, kwa sababu daftari lako liko sawa. Liweke kwenye taarifa ya usuluhishi kama mstari wake, iandikie benki, na uliache hapo mpaka benki isahihishe. Likikaa miezi miwili bila kusahihishwa, barua ya pili iende.

Na kama akaunti iko kwenye ovadrafti, salio la taarifa litaandikwa DR. Hatua ni zile zile, ila salio la kuanzia ni hasi: amana iliyo njiani inapunguza ovadrafti, na hundi ambazo hazijawasilishwa zinaizidisha. Nimewaona watu wenye uzoefu wakizigeuza hapa kwa mazoea. Andika alama ya kutoa mbele ya salio na uendelee kama kawaida, hesabu itajiongoza.

Neno moja kuhusu M-Pesa, maana nusu ya mauzo ya duka lile hupitia huko. Fedha zilizo kwenye namba ya biashara bado haziko benki. Ni akaunti nyingine, yenye taarifa yake, na inastahili safu yake katika daftari na usuluhishi wake. Zinapohamishwa kwenda benki, kiasi kinachofika huwa kimepungua kwa ada ya kuhamisha. Anayeandika kiasi kilichotoka kana kwamba ndicho kilichofika atakuwa na tofauti ndogo ndogo kila wiki, na mwisho wa mwezi zitakuwa zimejilimbikiza hadi kuonekana kama ada ya benki ambayo benki haijui habari yake.

Kijana alirudi Mei na taarifa ya Aprili, safari hii akiwa na usuluhishi wa Machi juu ya karatasi zote. Mauzo ya 42,600 yalikuwa yamepokewa Aprili 1. Hundi ya saruji ililipwa Aprili 6, na ya nahodha Aprili 11, jahazi lilipotia nanga. Fundi alikuwa ameandikiwa hundi mpya, namba 223, na ameipeleka benki siku ile ile. Mkandarasi alikuwa amelipa 20,000 taslimu, na zile 10,000 zilizobaki zilikuwa kwenye jina lake, pale leja ilipozirudisha.